Namna ya Kununua Gari Lililozama Bila Kusumbua Mtu

Mwongozo huu ni wa mnunuzi mwenye haraka, mwenye fedha taslimu na mwenye haya ya kuuliza maswali mbele za watu. Wale wanaopenda kuinua kapeti, kulala chini ya gari kwa tochi na kwenda yadi na fundi wao hawauhitaji. Hao hawatalipata gari la namna hii hata walitafute mwaka mzima.

Bidhaa yenyewe ipo ya kutosha. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu vipimo vilipoanza mwaka 1949. Kituo cha Khatm Al Shakla huko Al Ain kilipokea zaidi ya milimita 254 kwa muda usiotimia saa 24, na barabara za Dubai zikageuka mabwawa yenye magari ndani yake. Msimu huohuo Nairobi nayo ilikuwa ndani ya maji. Japani, tunakoagiza magari yetu mengi, ilipata mafuriko makubwa Julai 2018, kisha kimbunga Hagibis Oktoba 2019. Jangwani, Dar es Salaam, haihitaji hata kimbunga. Masika tu yanatosha.

Maji yakipungua, magari hayo hayatoweki. Mwenye bima kubwa hulipwa, kampuni ya bima hulichukua gari na kulipeleka mnadani, na aliyelinunua mnadani hulifanyia anachotaka. Wapo wanaoyakata na kuuza milango, vioo na taa, na hiyo ni biashara halali kabisa. Wapo pia wanaoyaosha, kuyaanika na kuyatafutia mteja. Mteja huyo ni wewe, basi tuanze.

Hatua ya kwanza: Ipende bei kabla ya kuliona gari

Tuseme unatafuta Noah. Ulizozikuta kwingine, za mwaka uleule, zinauzwa shilingi milioni 20. Hii ni milioni 14. Dalali amekwisha kukueleza sababu: "Bosi wangu, mwenyewe anasafiri keshokutwa. Gari lilikuwa la mama mmoja mtu mzima, safari zake kanisani na sokoni tu." Hapo ridhika. Usianze kupiga hesabu, maana hesabu ina mambo yake.

Asiyeridhika angepiga hivi. Siku gari hilo lilipozama hadi kwenye siti, gereji ya bima iliandika orodha: kapeti, siti, mikanda, mifuko ya hewa na kontroli boksi yake, waya za sakafuni, oili zote, fani za magurudumu. Tuseme ilifika milioni 13. Hiyo bado ni chini ya thamani ya gari, lakini mkadiriaji anajua kwamba gari lililolowa halina orodha moja. Miezi mitatu baadaye itakuja ya pili, kisha ya tatu. Kwa hiyo bima ikaona heri imlipe mwenye gari, ilifute na kuliuza mnadani kwa milioni 4.

Aliyelinunua alitumia milioni 3 kulifua, kubadilisha vitambaa vya siti na kunyunyiza marashi. Akikuuzia kwa milioni 14 anabaki na faida ya milioni 7. Wewe unaona umeokoa milioni 6. Ila matengenezo ya milioni 13 yalifanyika kwa milioni 3 tu, kwa hiyo kuna kazi ya milioni 10 ambayo haijafanywa na ambayo imo humo ndani, chini ya kapeti jipya. Umepewa punguzo la 6 na deni la 10. Tena 10 ni makadirio ya siku ile gari lilipotolewa majini. Kutu haikusubiri wewe upate mkopo.

Kampuni ya bima huishi kwa kupiga hesabu za hatari. Ikilikimbia gari, wewe liite bahati.

Hatua ya pili: Fika jua likizama, gari likiwa limetoka kuoshwa

Mchana wa jua kali huonyesha mambo yasiyo na faida. Ndani ya taa za mbele huonyesha ukungu usiofutika kwa nje, au mstari mwembamba wa rangi ya udongo unaokatiza kioo mahali maji yalipotulia. Jioni taa zote ni nzuri.

Ukifungua mlango utapokewa na harufu ya marashi mazito. Yasifie. Usikubali kukaa ndani ya gari na vioo vimefungwa kwa dakika kumi, kwa sababu pua ikizoea marashi huanza kusikia kilicho chini yake, yaani uvundo wa nguo iliyokunjwa mbichi. Usiwashe kiyoyozi pia. Tope laini huingia kwenye njia za hewa nyuma ya dashibodi, mahali ambapo mwosha gari hafiki bila kuibomoa dashibodi nzima, na upepo wa kwanza ndio hulileta puani.

Hatua ya tatu: Usiguse kapeti

Hapa ndipo wanunuzi wengi huharibu mambo, kwa hiyo tukae kidogo.

Kapeti unaloliona ni ngozi ya juu tu. Chini yake kuna tabaka nene la pamba au sponji linalozuia kelele na joto. Tabaka hilo hunyonya maji na kuyashika. Kapeti la juu linaweza kukauka kwa siku moja ya jua, na la chini likabaki bichi kwa wiki nyingi, likiichemshia kutu sakafu ya bati. Mtu mwenye nia mbaya huondoa kile kipande cha plastiki kilichopo kizingitini mwa mlango, ambacho kwenye magari mengi huachia kwa kuvutwa kwa vidole, kisha huinua ncha ya kapeti na kusukuma mkono ndani hadi kwenye bati. Anatafuta ubichi, na anatafuta tope laini kama vumbi lililoganda kwenye pembe. Ufuaji huondoa tope la katikati. La kwenye mikunjo ya bati hubaki.

Kisha huvuta siti mbele hadi mwisho, na nyuma hadi mwisho, na kumulika reli zake. Boliti za reli na chemchemi za chini ya siti hazipakwi rangi nzito kiwandani, kwa sababu hazikutarajiwa kuoga. Zikiwa na kutu nyekundu wakati bodi yote inang'aa, zimesema. Boliti zenye vichwa vilivyokwanguliwa na spana nazo zimesema: siti hizi ziliwahi kung'olewa zote. Muulize nani hung'oa siti zote za gari la mama wa kanisani.

Baya kuliko yote ni mkanda. Mkanda wa usalama hutoka taratibu, sentimita kwa sentimita, hadi mwisho kabisa, kule ambako haufiki mtu anapojifunga kila siku. Mwosha gari hufua kipande kinachoonekana. Kilichokuwa kimejiviringisha ndani ya nguzo hubaki na alama yake: mstari wa udongo, mabaka ya ukungu, au rangi mbili kwenye utepe mmoja. Ukiuvuta mkanda hadi mwisho, muuzaji atanyamaza, na hakuna mnunuzi mwenye adabu anayependa kumnyamazisha mwenzake.

Hatua ya nne: Kwenye kutu, kubali maelezo ya kwanza

Ukiona kutu chini ya gari, utaambiwa: "Kaka, hii ni chumvi ya Japani, kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji." Maelezo haya yana sifa moja ya kipekee: huwa ni kweli. Gari lililoishi Hokkaido, au hata Kigamboni karibu na bahari, linaweza kuwa na kutu tele chini bila kuwahi kuzama.

Ndiyo maana mtaalamu haulizi kama kuna kutu. Anauliza iko wapi. Chumvi ya barabarani hurushwa na matairi na kuishia chini ya sakafu. Haipandi ndani, haiingii kwenye skrubu za chini ya dashibodi, hailifikii bati lililo nyuma ya pedali wala jeki iliyofungwa vizuri kwenye buti. Kutu ya nje ni ya barabara. Kutu ya ndani, inayoishia kwenye kimo kimoja pande zote, ni ya maji. Upande mmoja peke yake ukiwa na kutu, huenda ni dirisha lililosahauliwa wazi usiku wa mvua, na hilo ni kosa dogo.

Alama moja haitoshi kulihukumu gari. Tatu zenye kimo kimoja zinatosha. Wewe usihesabu.

Hatua ya tano: Washa gari haraka

Ufunguo una hatua kabla ya injini kuwaka, ile ambayo taa zote za dashibodi hujitokeza. Usisimame hapo. Zungusha moja kwa moja mpaka injini iungurume, kisha sifia sauti yake.

Anayesimama hapo anatafuta taa moja, yenye picha ya mtu aliyekaa mbele ya mpira. Ni taa ya mifuko ya hewa. Kwenye gari zima huwaka, hukaa sekunde chache mfumo ukijikagua, kisha huzimika peke yake. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Lakini isipowaka kabisa ni vibaya zaidi, kwa maana mtu ameing'oa au kuiziba. Na ikizimika sambamba na taa ya oili au ya chaji, kwa sekunde ileile injini inapowaka, huenda waya wake umeunganishwa na wa jirani ili izimike kwa heshima.

Kwa nini taa hiyo? Kwa sababu kwenye magari mengi kontroli boksi ya mifuko ya hewa imefungwa katikati ya sakafu, karibu na gia, na soketi zake za rangi ya manjano ziko chini ya siti za mbele. Maji hayahitaji kufika kwenye usukani ili kuiharibu; yakifika kwenye vifundo vya miguu yako yamekwisha kuigusa. Sanduku hilo ndilo huamua, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kama mfuko upasuke na kama mkanda ukukaze. Likiwa limeoza, mfuko unaweza kukaa kimya siku ya ajali. Hicho ndicho kipande cha deni la milioni 10 kisicholipika kwa fedha.

Mashine ya kusoma hitilafu, ambayo siku hizi mafundi wengi wa umeme wa magari wanayo, ingeuliza sanduku hilo kama lipo na kama linajibu. Sanduku lisilojibu kabisa ni jibu pia. Kwa hiyo mwache fundi gereji kwake.

Hatua ya sita: Amini kwamba gari linalowaka leo limepona

Hii ndiyo imani inayoibeba biashara yote. Muuzaji atakwambia liwashe, litembeze, lijaribu kila swichi. Kila kitu kitafanya kazi, na hatakuwa amedanganya neno.

Maji ndani ya waya yana tabia yake. Waya wa gari ni nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa ndani ya plastiki. Maji yakiingia kwenye soketi huzifuata nyuzi hizo ndani kwa ndani, kama mafuta yanavyopanda utambi wa chemli, na kufika mahali ambapo mafuriko yenyewe hayakufika. Huko hakuna jua wala upepo. Shaba hugeuka unga wa kijani, umeme unapita kwa shida, na siku moja, miezi baadaye, kioo cha dirisha kinashuka chenyewe. Fundi anabadilisha swichi, kinapona wiki moja, kisha taa za breki zinakataa. Anabadilisha fyuzi. Kisha gari linazimika Kibaha na kuwaka lenyewe baada ya nusu saa.

Kila tatizo likitazamwa peke yake ni dogo. Yote yana baba mmoja, na dawa yake ni kubadilisha mtandao mzima wa waya, kazi inayotaka gari livuliwe dashibodi, siti na kapeti. Ndiyo orodha ya pili na ya tatu aliyoikimbia mkadiriaji. Maji ya chumvi huharakisha yote haya, maana chumvi hupitisha umeme mahali pasipotakiwa na huendelea kula chuma hata baada ya kukauka.

Ukipanga kununua haibridi, imani yako iwe kubwa zaidi. Toyota Aqua ya toleo la kwanza ina betri ya volti 144 chini ya siti ya nyuma, mahali panapolowa mapema. Fundi asiye na glavu za umeme mkubwa hapaswi hata kuifunua.

Hatua ya saba: Injini ni nzima, basi yatosha

Hapa tupite haraka, kwa sababu wauzaji wenyewe hupaonyesha kwa hiari. Oili iliyochanganyika na maji huwa na rangi ya maziwa, lakini oili ni kitu cha kwanza kubadilishwa, kwa hiyo oili safi haithibitishi chochote. Na utando mweupe kidogo chini ya kifuniko unaweza kuletwa na safari fupifupi za baridi. Wakorofi hutazama oili ya gia boksi na ya difu, ambazo muuzaji huzisahau, kisha hufungua sanduku la kichujio cha hewa kutafuta mstari wa tope kwenye kuta zake. Injini ikinyonya maji wakati inazunguka, konrodi hupinda, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa. Iliyopinda kidogo inaweza kuendelea kuunguruma kwa muda, huku ikitafuta mahali pa kutokea kupitia ubavu wa bloku.

Hatua ya nane: Karatasi ni za wanasheria

Kadi ya gari itakupa namba ya chasi, ya injini, rangi, mwaka na jina la mmiliki. Haina mstari wa kuandikwa kwamba gari liliogelea. Ionapo kadi halisi, mioyo mingi hutulia, na wako utulie.

Usiulize karatasi ya mnada wa Japani. Kila gari linalopita kwenye minada ya huko hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yenye mchoro wa bodi, daraja na maelezo ya mkaguzi. Herufi R kwenye nafasi ya daraja humaanisha gari liliwahi kuumia na kutengenezwa, na gari lililoingiwa na maji huandikwa kansui, yaani lililofunikwa na maji. Wajapani hawalionei haya jambo hili: wana utaratibu wa kulikata bei gari kwa kimo cha maji, kama yaliishia sakafuni, yalifika kwenye siti au yalipita dashibodi. Karatasi hiyo hupatikana kwa namba ya chasi kutoka kwa watu wanaohifadhi kumbukumbu za minada. Anayeipata mwenyewe huilinganisha na ile aliyopewa na muuzaji, kwa sababu karatasi za kughushi zipo na zinapendeza kuliko za kweli.

Kwa gari lililozama hapahapa nyumbani hakuna karatasi ya Kijapani. Hapo kuna swali moja tu: gari hili lilikatiwa bima kubwa na nani, na bima hiyo ilikoma lini, kwa nini? Usiliulize.

Hatua ya mwisho: Lipa, kisha ukate bima

Kata bima kubwa siku hiyohiyo na ujione salama. Bima hulipa ajali na mafuriko yajayo. Kutu na waya zilizooza kabla hujanunua si shughuli yake. Ukitaka kuliuza, utagundua kwamba wanunuzi wengine wana tochi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ila haya waliyaoga wengine na wewe umeletewa ndoo.

Limebaki jambo moja, na ndilo la kuliepuka kuliko yote. Kabla ya kulipa, mtu mwenye roho ngumu humwomba muuzaji aongeze sentensi hii kwenye mkataba wa mauziano, mbele ya wakili: "Gari hili halijawahi kuingiwa na maji hadi juu ya sakafu wala kufutwa na bima, ikithibitika vinginevyo, muuzaji atarudisha fedha yote." Haigharimu hata shilingi. Muuzaji wa gari safi husaini huku anakunywa soda yake. Mwingine atakumbuka kwamba kuna mteja wa Morogoro aliyekwisha kuahidi kuja kulichukua leo, na utarudi nyumbani na milioni 14 zako zote, bila gari. Ikiwa umeapa kulala na Noah mlangoni, sentensi hiyo usiitamke.